Dakika Saba Zina Bei Gani? Somo juu ya Bonasi ya Mahudhurio na Faini za Kuchelewa



Somo la leo linahusu makato mawili ambayo watu wa viwandani na mashambani hutuletea kila mwisho wa mwezi. La kwanza ni faini ya kuchelewa. La pili ni bonasi ya mahudhurio, yaani zile fedha anazoahidiwa mtu asiyekosa kazi na asiyechelewa, halafu siku ya mshahara anaambiwa zimepotea. Wengi wetu tunanung'unika tukiwa kwenye foleni ya malipo, tukifika nyumbani tumekwisha kusahau, na mwezi ujao ni yale yale. Leo hatutanung'unika. Tutachukua kalamu na karatasi tuhesabu, kwa sababu makato yasiyo ya haki hujulikana kwa hesabu kabla hayajajulikana kwa sheria.

Kwanza tuseme ukweli. Kuchelewa kunaumiza. Katika kiwanda cha nyuzi mashine haisimami kumngoja mtu. Ukichelewa zamu ya asubuhi, yule wa zamu ya usiku aliyesimama saa nane hawezi kuondoka mpaka umpokee. Kwa hiyo mchelewaji hamuumizi mwajiri peke yake, humuumiza na mwenzake. Chama hakitetei mtu ambaye kila Jumatatu anachelewa kwa ulevi wa Jumapili. Tunachouliza ni kitu kingine: mtu akichelewa dakika saba, alipe nini?

DAKIKA NA SHILINGI

Tuchukue mfano. Mfanyakazi wa sehemu ya kusokota analipwa mshahara wa msingi shilingi 208,000 kwa mwezi. Mwezi una siku za kazi 26, na kila siku ni saa 8. Ukigawa 208,000 kwa 26 unapata shilingi 8,000 kwa siku. Ukigawa 8,000 kwa 8 unapata shilingi 1,000 kwa saa. Juu ya hayo ana bonasi ya mahudhurio ya shilingi 40,000. Kwa hiyo akimaliza mwezi bila kosa hupata shilingi 248,000 kabla ya makato ya sheria.

Kanuni zilizobandikwa getini zinasema hivi. Atakayechelewa zaidi ya dakika 5 atakatwa saa nzima. Kila mara akichelewa atatozwa pia faini ya shilingi 2,000. Atakayechelewa mara tatu katika mwezi atapoteza bonasi yote.

Mama huyu alichelewa mara tatu. Mara ya kwanza dakika 7, mara ya pili dakika 12, mara ya tatu dakika 20. Jumla yake ni dakika 39 kwa mwezi mzima.

Sasa tuhesabu muda aliokosa kazini. Saa moja ni shilingi 1,000, na saa ina dakika 60. Zidisha 39 kwa 1,000, kisha gawa kwa 60. Unapata shilingi 650. Hiyo ndiyo thamani ya kazi ambayo mwajiri hakuipata.

Halafu tuhesabu alichokatwa. Saa tatu nzima ni shilingi 3,000. Faini tatu ni shilingi 6,000. Bonasi iliyopotea ni shilingi 40,000. Jumla ni shilingi 49,000.

Weka namba hizo mbili kando kwa kando: 650 na 49,000. Amekatwa zaidi ya mara 75 ya muda aliokosa. Au tuseme kwa njia nyingine: shilingi 49,000 ni mshahara wa saa 49, yaani siku sita za kazi na saa moja juu yake. Amefanya kazi siku sita bure kwa sababu ya dakika 39. Na katika shilingi 248,000 alizozitegemea, karibu moja ya tano imekwenda.

Hesabu hii kila mmoja wenu anaweza kuifanya kwa mshahara wake. Gawa mshahara wa msingi kwa siku za kazi za mwezi, kisha gawa kwa saa za siku, upate bei ya saa. Jumlisha dakika ulizochelewa, uzizidishe kwa bei ya saa na kugawa kwa 60. Hicho ndicho kipimo. Kukatwa kiasi hicho si adhabu, ni kutolipwa muda ambao hukufanya kazi, na hatuna ugomvi nako. Kila shilingi inayozidi hapo ni adhabu, hata kama imepewa jina lingine. Na adhabu lazima iwe na maelezo: imeandikwa wapi, nani aliikubali, na mtuhumiwa alisikilizwa lini?

Mtazame tena mama huyu utaona amehukumiwa mara tatu kwa kosa moja. Amekatwa saa, ametozwa faini, kisha ameondolewa bonasi. Hata nyumbani mtoto akivunja chungu humchapi, ukamnyima chakula, ukamlaza nje.

BONASI INAPOKUWA MSHAHARA ULIOFICHWA

Mwajiri akiambiwa hayo hujibu haraka: "Bonasi ni zawadi yangu. Sikumkata kitu, sikumpa tu zawadi." Jibu hili lina nguvu mahali pengine, na mahali pengine halina. Lazima tujue kutofautisha.

Bonasi ya kweli huwa juu ya mshahara ambao tayari unatosha kuitwa mshahara wa kazi ile. Akiikosa mtu anasikitika, lakini kodi ya nyumba inalipwa. Bonasi ya uongo ni kipande cha mshahara kilichokatwa na kuvishwa shati lingine. Namna ya kuitambua ni kuuliza maswali mawili.

Swali la kwanza: ilianza lini, na ilianzaje? Viwanda vingine wafanyakazi walidai nyongeza ya mshahara, na menejimenti ikakubali, lakini badala ya kuiweka kwenye mshahara wa msingi ikaiweka kwenye mahudhurio. Siku ile watu walipiga makofi. Hawakuona kwamba nyongeza yao imewekewa masharti. Fedha iliyotolewa kujibu madai ya mshahara ni mshahara.

Swali la pili: inaingia katika hesabu nyingine? Mara nyingi saa za ziada na malipo ya kuachishwa huhesabiwa kwa mshahara wa msingi. Yule mama akifanya saa ya ziada kwa malipo ya saa moja na nusu, anahesabiwa shilingi 1,500 kwa bei ya shilingi 1,000. Kama zile 40,000 zingekuwa ndani ya mshahara wa msingi, bei ya saa ingekuwa 248,000 gawa kwa 208, yaani karibu shilingi 1,192, na saa ya ziada karibu shilingi 1,788. Kwa hiyo hata mwezi ambao hakuchelewa hata mara moja, bonasi ile imempunja kwenye kila saa ya ziada.

Tena kuna ubaya mwingine ambao hata mwajiri haumfai. Bonasi inayopotea yote kwa mpigo huua ile bidii iliyokusudiwa kuijenga. Mtu aliyeipoteza tarehe 9 hana sababu tena ya kukimbia mpaka tarehe 30. Na geti likiwa linafungwa baada ya nusu saa, aliyechelewa hurudi nyumbani akalala, maana kwa kukosa siku nzima na kwa kuchelewa kidogo anaumia karibu sawasawa. Mimi nimewaona watu wakifika njia panda ya kiwanda, wakatazama saa, wakageuka. Kanuni iliyowekwa kuzuia kuchelewa imezaa utoro.

SAA YA GETINI

Kabla hujakubali kwamba umechelewa, uliza umechelewa kwa saa ya nani.

Katika kiwanda kimoja nilichofanya kazi nikiwa kijana tulikuwa watu 360 katika zamu ya asubuhi, na saa ya kupigia kadi ilikuwa moja tu, ndani ya geti. King'ora kililia saa 1 kamili. Geti lilifunguliwa robo saa kabla, yaani saa 12 na dakika 45. Mimi nilipoteza bonasi ya mwezi mzima nikiwa nimesimama kwenye foleni. Nilifika mapema, nikasikia king'ora kikilia mbele yangu, nami sikuwa na pa kupita. Nilipolalamika, karani wa mishahara alinionyesha kadi yangu, muhuri umegongwa saa 1 na dakika 7. Kadi haikusema uongo, ila haikusema ukweli wote.

Mwakilishi wetu wa wafanyakazi alikuwa mzee mtulivu. Hakwenda ofisini kugomba. Alisimama karibu na saa asubuhi tatu mfululizo, akiwa na saa yake ya mkononi, akahesabu watu wanaopiga kadi katika dakika moja. Aliona ni watu 15, yaani mtu mmoja kila sekunde 4, kama kila mmoja ana kadi yake mkononi tayari.

Hesabu yake ilikuwa hii. Kuanzia saa 12 na dakika 45 hadi saa 1 ni dakika 15. Dakika 15 mara watu 15 ni watu 225. Ongeza zile dakika 5 za msamaha, ni watu 75 zaidi, jumla 300. Sisi tulikuwa 360. Kwa hiyo kila siku, hata kama wote tungefika geti likiwa bado limefungwa, watu 60 wa mwisho lazima waandikwe wachelewaji. Mtu wa mwisho angegonga kadi saa 1 na dakika 9. Kuchelewa kulikuwa kumejengwa ndani ya geti lenyewe.

Alipeleka karatasi ile kwa meneja wa utumishi. Meneja hakubisha, alishuka mwenyewe asubuhi iliyofuata akahesabu. Mwezi ule ule ilifungwa saa ya pili, na ikakubaliwa kwamba aliye ndani ya foleni king'ora kinapolia amefika. Fedha za nyuma hatukurudishiwa, na mpaka leo nasema tulikosea kutoandika madai yake mapema, maana kila mmoja alikuwa amekwisha kutupa karatasi zake za mshahara.

Nawaachia fundisho hilo. Pimeni mambo manne: geti hufunguliwa saa ngapi, foleni ina watu wangapi, mashine inapokea wangapi kwa dakika, na saa ya kiwanda inalingana na saa ya redio au inatangulia. Kama wafanyakazi huletwa kwa lori au basi la kampuni, andikeni saa lilipofika. Gari la mwajiri likichelewa, mwajiri ndiye aliyechelewa.

KWA NDUGU ZETU WA MASHAMBANI

Shambani mambo hubadilika kidogo, kwa sababu wengi hawalipwi kwa saa. Mchuma chai hulipwa kwa kilo. Mpalizi wa miwa hupewa mistari yake, na akimaliza amemaliza siku.

Mchuma chai akichelewa nusu saa, kikapu chake kitakuwa chepesi zaidi kwenye mizani. Amekwisha kujikata mwenyewe. Kumtoza faini juu ya hapo ni kumkata mara ya pili muda ambao hakuulipwa hata mara ya kwanza. Vivyo hivyo mpalizi aliyefika dakika 15 baada ya kuitwa majina, akapewa mistari yake ile ile na kuimaliza, ameleta kazi kamili. Mnyapara akimwandikia nusu siku, aonyeshe ni nusu gani ya kazi ambayo haikufanyika. Jibu hakuna, liko palipopaliliwa.

Lakini tahadhari: mahali ambapo watu hufanya kazi kwa kundi, kama kupakia miwa kwenye trela, mmoja akikosekana wenzake hubeba mzigo wake. Hapo kundi lina haki ya kulalamika, na ni vizuri kanuni ikubaliwe na kundi lenyewe pamoja na tawi la chama.

SHERIA ZINASEMAJE

Jambo hili si jipya duniani. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1896 kuhusu faini za wafanyakazi, kwa sababu viwanda vya huko vilikuwa vikitoza faini kwa mambo madogo kabisa. Sheria ile ilitaka faini iwe imeandikwa mahali pa kuonekana au kwenye mkataba, kosa litajwe na kiasi kitajwe, kosa liwe la kumletea mwajiri hasara, na faini iwe ya kiasi cha haki. Uingereza yenyewe iliifuta sheria hiyo mwaka 1986, lakini maswali yake bado ni mazuri kwetu kuyauliza.

India mwaka 1936 ilikwenda mbali zaidi. Sheria yake ya malipo ya mishahara ilisema makato ya kukosa kazi yasizidi sehemu ya muda uliokosekana. Ni ile ile hesabu yetu ya shilingi 650. Tena ilisema mtu asitozwe faini kabla hajapewa nafasi ya kujieleza, na faini zote za mwezi zisizidi moja ya thelathini na mbili ya mshahara. Kwa mshahara wa shilingi 208,000 hiyo ni shilingi 6,500, hata angechelewa mara ngapi. Na jambo lililonipendeza zaidi: fedha za faini ziliandikwa katika daftari, na zilitakiwa kutumika kwa manufaa ya wafanyakazi tu. Fikirini maana yake. Faini ikiingia mfukoni mwa mwajiri, kuchelewa kwako ni mapato yake, na huenda asiharakishe kuongeza saa ya pili getini. Ikienda kwenye mfuko wa wafanyakazi, ataitoza pale tu anapotaka kweli watu wawahi.

Kwa nchi zetu, anzeni na Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, juu ya kulinda mishahara. Uganda iliuridhia mwaka 1963, na Tanganyika iliuridhia mwaka 1962. Unasema makato katika mshahara yaruhusiwe tu kwa masharti na kiasi kilichowekwa na sheria za nchi, au na mapatano ya pamoja, au na uamuzi wa usuluhishi. Yaani mwajiri hawezi kujitungia kata yake usiku na kuibandika asubuhi. Anayekata ndiye anayepaswa kuonyesha kifungu.

Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inataja makato yanayoruhusiwa. Kwa aliyekosa kazi siku nzima bila ruhusa wala sababu halali, mwajiri anaweza kukata kiasi kisichozidi mshahara wa siku moja kwa kila siku hiyo. Ona vizuri: kwa kosa kubwa la kutoroka siku nzima, mwisho ni siku moja. Basi kwa nini dakika 39 zigharimu siku sita? Na makato yote yakijumlishwa hayaruhusiwi kuzidi theluthi mbili za mshahara.

Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, inakataza kata yoyote isipokuwa ile inayotakiwa au kuruhusiwa na sheria, mapatano ya pamoja, amri ya mahakama au uamuzi wa usuluhishi, au ile ya deni ambalo mfanyakazi mwenyewe amekubali kwa maandishi. Hata mwajiri anapodai hasara iliyoletwa na mfanyakazi, lazima aeleze kwa maandishi sababu, kiasi na jinsi alivyokihesabu, ampe mfanyakazi nafasi ya kupinga, na asikate zaidi ya robo ya mshahara wake wa fedha.

Hapa Uganda, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa kila mfanyakazi haki ya kupewa karatasi ya mshahara pamoja na malipo, ikionyesha kila kata na sababu yake. Neno "mengineyo" si sababu. Pia sheria hiyo inatoa likizo ya ugonjwa yenye malipo na siku 60 za kazi za uzazi kwa malipo kamili. Haki hizi zinagusa bonasi moja kwa moja. Mama akirudi kutoka uzazi akaambiwa bonasi imepotea kwa sababu hakuhudhuria, au mgonjwa mwenye cheti cha daktari akahesabiwa mtoro, basi likizo ile imetolewa kwa mkono wa kulia na kunyang'anywa kwa mkono wa kushoto. Hilo ndilo jambo la kwanza la kupigania, na ni wachache watakaothubutu kulitetea mbele ya Afisa wa Kazi.

LA KUFANYA KATIKA TAWI

Msianze na mgomo, anzeni na karatasi. Kila mtu atunze karatasi zake za mshahara, walau za miezi mitatu. Mwakilishi aombe kanuni za kuchelewa kwa maandishi. Zikiwa hazipo, hilo lenyewe ni jibu kubwa. Kila anayeandikwa kuchelewa aandike siku ile ile katika daftari dogo: tarehe, saa aliyofika getini, saa iliyogongwa kwenye kadi, na jina la aliyekuwa naye. Kisha mwakilishi achukue watu kumi, afanye hesabu tuliyoifanya hapa juu, aweke safu mbili: thamani ya muda, na kiasi kilichokatwa. Ukurasa mmoja wa namna hiyo una nguvu kuliko hotuba.

Mkikaa mezani, msiombe bonasi ifutwe. Watu wanaihitaji, na mwajiri ana haki ya kutaka mashine zake ziwe na watu. Ombeni ipangwe upya. Mapatano mazuri huwa na maneno kama haya: muda uliokosekana ukatwe kwa dakika, si kwa saa nzima. Kosa moja lisiadhibiwe mara mbili. Mchelewaji wa mara kwa mara aitwe, asikilizwe na kuonywa kwa maandishi, badala ya kutozwa kimya kimya. Ugonjwa wenye cheti, uzazi, likizo na kazi ya chama iliyoruhusiwa visihesabiwe kuwa utoro. Na bonasi igawanywe kwa wiki.

Hilo la mwisho nalieleza, maana watu hulipita haraka. Chukua zile shilingi 40,000, zigawe kwa wiki nne, kila wiki shilingi 10,000. Kubalianeni kwamba aliyechelewa mara moja katika wiki hapotezi kitu, aliyechelewa mara mbili anapoteza nusu ya wiki ile, na zaidi ya hapo anapoteza wiki yote. Yule mama alichelewa mara mbili katika wiki ya kwanza na mara moja katika wiki ya tatu. Angepoteza nusu ya wiki moja, shilingi 5,000, pamoja na shilingi 650 za muda. Jumla ni shilingi 5,650 badala ya 49,000. Ameonywa, ameumia kidogo, na Jumatatu inayofuata ana sababu ya kuwahi, kwa kuwa wiki mpya ina bonasi yake mpya. Mwajiri naye anapata kile alichosema anakitaka.

Mkikataliwa kabisa, pelekeni kwa Afisa wa Kazi wa wilaya ukurasa ule wa safu mbili pamoja na nakala za karatasi za mshahara. Msimwendee na maneno matupu. Na mtu asiende peke yake, aende na mwakilishi, ili lisiwe jambo la mtu mmoja mkorofi bali la kiwanda.

MASWALI YA KUJADILI

1. Bei ya saa yako moja ni shilingi ngapi? Na ya dakika kumi?

2. Mwezi uliopita ulikatwa kiasi gani kwa kuchelewa, na muda wenyewe ulikuwa na thamani gani?

3. Bonasi ya mahudhurio mahali penu ilianza lini, na ilianza kujibu madai gani?

4. Getini kwenu wanapita watu wangapi kwa dakika moja? Nani kati yenu atakwenda kuhesabu kesho asubuhi?